Makala ndefu ndani ya slaidi nane

Karuseli nyingi zinazotokana na makala ndefu huwa na taarifa sahihi tupu, na hoja hakuna. Mwandishi alijenga jambo moja kwa maneno elfu mbili. Aliyetengeneza karuseli akapitia makala, akaokota sentensi tisa zilizompendeza, akazitia rangi na kuzipanga kwenye slaidi tisa. Kila sentensi ni ya kweli, lakini msomaji akifika ya mwisho hawezi kueleza ameambiwa aamini nini, wala kwa sababu gani.

Chanzo cha hasara hiyo ni mahali hoja inapokaa. Ukiisoma makala nzuri kwa makini utaona kwamba ukweli mmojammoja haubishani na mtu. Kinachobishana ni viungo: "kwa sababu", "kwa hiyo", "lakini", "isipokuwa". Mtu anapokata makala, viungo ndivyo vya kwanza kuangukia sakafuni, kwa kuwa ni vifupi, havina takwimu na havipendezi kwenye picha.

Kwa asiyeizoea, karuseli ni posti moja yenye picha kadhaa zinazofuatana, ambazo msomaji huzisogeza kwa kidole. Instagram iliianzisha mwaka 2017 ikiwa na nafasi za picha 10, na mwaka 2024 nafasi zikaongezwa hadi 20. Kwenye LinkedIn watu hupakia faili ya PDF, na kila ukurasa unageuka slaidi. Nafasi 20 ni nyingi mno kwa hoja moja, na anayejilazimisha kuzijaza huishia kuandika makala ileile kwa herufi kubwa. Kwa makala ya maneno kati ya 1,500 na 2,000, slaidi saba hadi tisa zinatosha.

Tuifanye kazi yenyewe. Tuseme mbele yetu ipo makala ya maneno 1,800 kuhusu sumukuvu, ile sumu inayoachwa na kuvu kwenye mahindi na karanga. Makala inaanza Uingereza mwaka 1960, batamzinga zaidi ya laki moja walipokufa baada ya kulishwa mashudu ya karanga yaliyokuwa na sumu, tukio lililowafikisha wanasayansi kwenye ugunduzi wa sumu hii. Kisha inaingia Kenya, mwaka 2004, ambako watu 317 waliugua na 125 wakafariki katika maeneo ya mashariki, Makueni na Kitui yakiwamo. Inaeleza jinsi kuvu inavyokua, kwa nini kupika hakusaidii, namna ya kukausha na kuhifadhi, kiwango cha juu kinachoruhusiwa na viwango vya Afrika Mashariki, ambacho ni mikrogramu 10 kwa kilo ya mahindi, na mwisho inawataka watunga sera wafanye kadha wa kadha.

Mtu mwenye haraka angefungua programu ya kuchora hapohapo. Afadhali afungue karatasi kwanza na kuandika sentensi moja, yenye "kwa sababu" ndani yake na yenye "ingawa" au "isipokuwa". Kwa makala yetu sentensi hiyo ni hii: sumukuvu huzuiwa kwa kukausha mahindi kabla ya kuyafunga, kwa sababu ikishatengenezwa jiko haliwezi kuiondoa, ingawa kukausha nako hakuondoi sumu iliyokwisha kuingia mahindi yakiwa shambani.

Sentensi hiyo ina sehemu tatu, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni dai. Ya pili ni sababu inayolibeba dai. Ya tatu ni mpaka wake, yaani mahali ambapo dai linakoma kuwa kweli. Ukishindwa kuiandika, usilaumu ufupi wa karuseli. Ama hujaielewa makala, ama makala yenyewe haina hoja, na hilo hutokea mara nyingi kuliko waandishi tunavyopenda kukiri.

Sentensi ikishapatikana, kukata kunakuwa rahisi na kunauma. Unarudi kwenye makala aya kwa aya na kuiuliza kila moja: unabeba dai, sababu au mpaka? Aya isiyobeba kimojawapo inaondoka, hata kama ndiyo tamu kuliko zote. Batamzinga wa mwaka 1960 wanaondoka. Ni kisa kizuri, na kinaeleza sumu ilijulikanaje, lakini hakimwambii msomaji lolote kuhusu kukausha. Wito kwa watunga sera unaondoka pia, kwa sababu nyingine: makala ilizungumza na watu watatu kwa zamu, mkulima, mfanyabiashara na serikali, na karuseli haina nafasi ya kugeuka geuka. Tumchague mkulima anayehifadhi chakula cha nyumbani. Kile kiwango cha mikrogramu 10 nacho kinamfaa mfanyabiashara anayepeleka sampuli maabara. Mkulima hana kipimo cha kukisoma. Kinakwenda kwenye maelezo ya chini ya picha.

Na vifo vya Kenya? Hapa ndipo wengi hukosea upande wa pili, kwa kubakiza takwimu kwa sababu inatisha. Vifo 125 peke yake vinathibitisha kwamba sumu inaua, jambo ambalo msomaji wetu halipingi. Lakini uchunguzi uliofanywa baada ya mlipuko ule ulilinganisha waliougua na majirani zao ambao hawakuugua, na ukakuta kwamba kuhifadhi mahindi yakiwa na unyevu kulihusishwa na kuugua. Hiyo ni habari nyingine kabisa. Sasa kisa kinabeba sababu, na kinastahili slaidi nzima. Ukilazimika kuchagua mfano mmojawapo katika mingi, chukua unaoonyesha chanzo cha jambo, hata kama upo mwingine unaoshtua zaidi.

Tuandike. Slaidi ya kwanza ina kishawishi cha kuitwa "Ijue sumukuvu" au "Mambo saba kuhusu sumukuvu". Vichwa vya namna hiyo vinataja mada na kuficha dai, na kile cha pili kina ubaya zaidi: kikishaahidi mambo saba, kila slaidi inageuka jambo linalojitegemea, na viungo vimekufa kabla hujaanza. Andika dai lenyewe: "Kupika hakuondoi sumukuvu. Mahindi huokolewa kabla gunia halijafungwa." Anayekubali na anayebisha wote wana sababu ya kusogeza kidole.

Slaidi ya pili inatoa sababu: "Maji huchemka kwenye nyuzi joto 100 hivi. Sumukuvu huhitaji zaidi ya nyuzi 200 ili ivunjike. Kuvu hufa sufuriani, lakini sumu iliyoiacha kwenye mahindi hubaki." Iandike slaidi hii kwa uangalifu kama ya kwanza, kwa kuwa Instagram huweza kumrudishia mtu posti aliyoipita bila kuisogeza, na safari hiyo ikamwonyesha slaidi ya pili. Kwa baadhi ya wasomaji huo ndio mlango.

Ya tatu inabeba kiungo kikuu, na kiungo kikae mwanzoni kabisa, tena kwa herufi za kichwa: "Kwa hiyo sumukuvu izuiwe kabla haijatengenezwa. Kuvu hukua penye unyevu. Mahindi yahifadhiwe yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5." Ukiliondoa hilo "kwa hiyo", slaidi ya pili na ya tatu zinakuwa habari mbili zilizokaa jirani. Likiwapo, ya tatu inadai kukubaliwa kwa sababu ya pili imekwisha kukubaliwa.

Ya nne ni Kenya: "Mashariki mwa Kenya, mwaka 2004, sumukuvu iliwaugusha watu 317 na kuua 125. Wachunguzi walikuta kwamba kuhifadhi mahindi yenye unyevu kulihusishwa na kuugua." Hakuna kiungo hapa, na hakihitajiki, ushahidi ukija mara tu baada ya dai, msomaji huufahamu kuwa ushahidi.

Ya tano ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, na inafaa tuikalie. Mkulima akiambiwa asilimia 13.5 atauliza ataijuaje bila mashine. Makala inajibu kwa kipimo cha chumvi. Unachukua chupa ya kioo iliyo kavu na yenye kifuniko, unatia mahindi hadi karibu theluthi, unaongeza vijiko viwili au vitatu vya chai vya chumvi iliyokaushwa vizuri, unatikisa kwa dakika moja na kuiacha itulie dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi ni mabichi. Isiponata, yamekauka.

Mkataji mzuri atayapunguza maelezo hayo hadi sentensi tatu, na karibu kila mtu atamaliza hivi: "Chumvi isiponata, hifadhi." Inasomeka vizuri, ni fupi, na inaharibu hoja. Kipimo cha chumvi hutofautisha mahindi yaliyo juu na yaliyo chini ya asilimia 15 hivi. Hakifiki 13.5. Makala ilisema hivyo, katika kishazi kidogo katikati ya aya, na kishazi hicho ndicho mkasi unachokipenda. Karuseli sasa inamwambia mkulima kwenye slaidi ya tatu kwamba asilimia 13.5 ndiyo mpaka, na kwenye ya tano inampa kipimo kinachomruhusu kufunga gunia kabla hajafika. Hakuna sentensi ya uongo ndani yake, ila zimekatwa mahali pabaya.

Namna ya kuinusuru ni kupunguza kitu kingine. Kipimo cha vijiko, ukubwa wa chupa na dakika za kutikisa viende kwenye maelezo ya chini, slaidi ibaki na maana ya matokeo: "Tikisa mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi. Isiponata, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi: endelea kuanika kabla ya kufunga." Msomaji anaweza kutafuta idadi ya vijiko baadaye. Hawezi kutafuta tahadhari asiyojua kwamba ipo. Kwa jumla, hatua za kazi zinaweza kuhamia nje ya slaidi, lakini mpaka wa dai ukae kwenye slaidi ileile yenye dai, hata ikibidi herufi zipungue ukubwa kidogo.

Ya sita ni nyepesi: anika kwenye turubai, si juu ya udongo, funika au ingiza ndani jioni ili umande usirudishe unyevu, mifuko isiyopitisha hewa itumike kwa mahindi yaliyokwisha kukauka tu. Ya saba inaanza na kiungo kingine: "Lakini kukausha hakufuti sumu iliyoingia shambani. Ukame na wadudu huyafanya mahindi yashambuliwe na kuvu kabla ya kuvunwa. Tenga punje zilizovunjika, zilizotobolewa na zenye ukungu: sumu hupungua, ila haiishi." Maneno mawili ya mwisho yana uzito sawa na kilo nzima ya maelezo. Yaondoe, na umewaambia watu kwamba mahindi yaliyochambuliwa ni salama. Mhariri mmoja anayependa matumaini ataomba slaidi hii iondolewe kwa kuwa inapunguza nguvu ya ujumbe. Asikubaliwe. Inapunguza ukubwa wa dai hadi kipimo chake halisi, na dai linalolingana na ukweli hulindika hata mbele ya anayebisha.

Ya nane imwachie msomaji tendo moja: "Kabla ya kufunga gunia msimu huu, pima kwa chumvi, kisha anika tena." Slaidi za "tufuate" na "bonyeza" hupenda kukaa hapa. Zina haki yake, ila zikiwa peke yake zinachukua mahali ambapo msomaji alitarajia kuambiwa afanye nini.

Sasa maandishi yamekamilika, na bado hatujagusa rangi. Kabla ya kugusa, kuna uchunguzi wa aina mbili unaofaa kufanywa kwenye karatasi.

Wa kwanza: soma sentensi ya mwanzo ya kila slaidi peke yake, moja baada ya nyingine. Kupika hakuondoi sumukuvu. Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kwa hiyo sumukuvu izuiwe kabla haijatengenezwa. Mashariki mwa Kenya, mwaka 2004. Tikisa mahindi na chumvi. Anika kwenye turubai. Lakini kukausha hakufuti sumu iliyoingia shambani. Pima kabla ya kufunga. Mtu anayesogeza haraka husoma hivyo tu. Kama mfuatano huo unaeleweka, karuseli ina mgongo. Jaribu pia kubadilishana mahali slaidi mbili za katikati. Kama hakuna kinachoharibika, pengine una orodha iliyovaa mavazi ya hoja. Hapa ya tano na ya sita zinaweza kubadilishana bila madhara makubwa, na si neno, kwa kuwa zote mbili ni maelekezo. Ya pili na ya tatu zikibadilishana, hoja inavunjika, kama inavyotakiwa.

Uchunguzi wa pili unatokana na namna watu wetu wanavyosambaza vitu. Karuseli haikai ilikozaliwa. Mtu anapiga picha ya skrini ya slaidi moja, anaitupa kwenye kundi la WhatsApp la familia, na kutoka hapo inasafiri bila ndugu zake. Basi ichukue kila slaidi na ujiulize: shangazi kijijini akiipokea hii peke yake, atafanya jambo gani la hatari? Ya tano ya kwanza, ile ya "isiponata, hifadhi", ingeanguka hapa. Ya tatu inapita. Ya saba inapita kwa sababu ya yale maneno mawili.

Uchunguzi huu hufichua kasoro nyingine ambayo Kiswahili hutupa bila kutuuliza. Vitenzi vyetu hubeba mtendwa na mtendaji kwa herufi mbili tatu, na kwenye makala ndefu hilo ni raha: ukishataja mahindi mara moja, unaendelea na "yakikauka", "yafunge", "yasirudi kwenye umande". Kwenye slaidi iliyokatwa na wenzake, hilo "ya" halina mwenyewe. "Yakikauka, yafunge" yanaweza kuwa maharage, maji au mavazi. Kwa hiyo nomino irudiwe katika kila slaidi: mahindi, sumukuvu, gunia. Masikio ya mwandishi yatachukia marudio hayo, yavumilie.

Maneno yetu pia ni marefu, na kanuni zilizotungwa kwa ajili ya lugha nyingine, za kuhesabu maneno kwa slaidi, hazitusaidii sana. Hesabu mistari. Kwenye slaidi ya upana wa pikseli 1,080 na urefu wa 1,350, ambayo ni saizi ya kawaida ya posti ya wima, mistari saba au nane ya herufi zinazosomeka vizuri kwenye simu ndogo ndiyo kikomo cha busara. Angalia mistari inavyokatika, ili "hakuondoi" isibaki upande mmoja na "sumukuvu" upande mwingine. Instagram huzipa slaidi zote umbo la ile ya kwanza, kwa hiyo amua umbo mapema, na uache nafasi pembeni kwa sababu picha hukatwa kidogo inapoonekana kwenye ukurasa wa wasifu. Kisha itazame kwenye simu ya bei nafuu, mwanga wa skrini ukiwa chini, badala ya kompyuta uliyoitengenezea.

Jaribio la mwisho linahitaji mtu. Mpe slaidi zote mtu ambaye hajasoma makala, mwache amalize, kisha mchukulie simu na umwombe akueleze ameambiwa nini. Usimuulize kama amependa, atasema amependa. Akijibu "sumukuvu ni hatari", karuseli imebeba mada na kuacha hoja. Akijibu "nikaushe mahindi", imebeba dai bila sababu, na kesho akikutana na jirani anayesema kuchemsha sana kunatosha atayumba. Unatafuta jibu lenye "kwa sababu" ndani yake, hata kwa maneno yake mwenyewe. Swali moja la nyongeza linafaa sana: "Na mahindi yaliyochambuliwa?" Akisema ni salama kabisa, rudi kwenye slaidi ya saba.

Zipo makala ambazo hazitoki salama katika kazi hii. Makala inayopima pande mbili bila kuamua, au inayomfikisha msomaji kwenye jambo polepole kupitia maisha ya mtu mmoja, ikikatwa vipande nane hubadilika kuwa kitu ambacho mwandishi hakukisema. Kwa makala ya namna hiyo chagua kiungo kimoja tu, tuseme sababu mojawapo aliyoipima, ukijengee slaidi nne, na kwenye slaidi ya mwisho useme waziwazi kwamba upande wa pili uko ndani ya makala.

Kuhusu kumpeleka msomaji huko, viungo vya tovuti kwenye maelezo ya chini ya posti ya Instagram havibonyezeki; watu huviweka kwenye wasifu. Lakini maelezo ya chini hayasafiri na picha ya skrini. Kwa sababu hiyo jina la makala, jina la mwandishi na mwaka viandikwe kwa herufi ndogo chini ya kila slaidi, zote nane, ili shangazi aliyepokea slaidi ya tano peke yake ajue pa kuzitafuta nyingine saba.